Maharage, dagaa, mayai au unga: protini ya wiki nzima kwa bajeti ya kubana

Ukiuliza sokoni kitu gani cha protini ni rahisi, utatajiwa bei ya kilo: maharage elfu tatu, dagaa elfu kumi, trei ya mayai elfu tisa. Kwa bei hizo dagaa huonekana ghali na maharage huonekana ya bure. Lakini kilo ya dagaa wakavu ina protini zaidi ya mara mbili ya kilo ya maharage, yai ni maji kwa robo tatu ya uzito wake, na maharage hayaliwi mabichi. Kwa hiyo kipimo kinachofaa kulinganishia ni kimoja: gramu 10 za protini zinakugharimu shilingi ngapi hadi zifike kwenye sahani, mkaa ukiwemo.

Hesabu zilizo hapa chini ni za familia ya watu wanne inayoishi Dar es Salaam: baba wa kilo 65, mama wa kilo 58, na watoto wa miaka 9 na 6. Bei ni za mfano, zimewekwa namba kamili ili zipigike kwa urahisi. Soko lako likiwa na bei nyingine, badilisha namba na uache njia ya hesabu kama ilivyo.

Tuanze na mahitaji. Kiwango salama kilichowekwa na WHO na FAO mwaka 2007 ni gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Baba anahitaji kama gramu 54, mama 48, na watoto wawili kwa pamoja kama 43. Jumla ni gramu 145 kwa siku, yaani kilo moja ya protini kwa wiki nzima. Kiwango hicho kinachukulia protini bora inayomeng'enywa vizuri. Ya mayai na samaki humeng'enywa karibu yote, ila ya nafaka na kunde hupotea kama sehemu moja katika tano. Familia inayokula zaidi ugali na maharage ilenge juu kidogo, gramu 1,300 hadi 1,600 kwa wiki. Hapo panakuwa na ziada pia kwa anayefanya kazi ya kubeba au kulima.

Sasa ulinganisho wenyewe. Namba zimesogezwa kwenye shilingi 5 iliyo karibu. Safu ya mwisho imeongezewa mkaa wa kupikia sufuria ya kawaida ya familia.

| Chakula | Bei ya mfano | Gramu 10 za protini, kabla ya kupika | Baada ya kuongeza mkaa |
|---|---|---|---|
| Choroko | 3,000 kwa kilo | 125 | 175 |
| Maharage yaliyolowekwa | 3,000 kwa kilo | 135 | 210 |
| Unga wa dona | 1,500 kwa kilo | 175 | 225 |
| Dagaa wa Mwanza, waliochambuliwa | 10,000 kwa kilo | 205 | 240 |
| Mchele | 2,500 kwa kilo | 355 | 430 |
| Mayai ya kisasa | 300 kwa yai | 500 | 560 |
| Perege mbichi | 8,000 kwa kilo | 800 | 840 |

Perege tumweke pembeni mapema. Kilo ya samaki mzima, ukitoa magamba, matumbo, kichwa na miiba, inabaki kama nusu kilo ya nyama, na katika nyama hiyo protini ni gramu 100 tu. Ni kitoweo kizuri cha sikukuu. Kwa bajeti ya kubana hana nafasi kwenye ratiba ya wiki.

Maharage: mkaa ndio unaoamua

Gramu 750 za maharage makavu zina gramu 165 za protini na zimenunuliwa kwa shilingi 2,250. Ukiyapika bila kuloweka, yatakaa motoni saa mbili na nusu au tatu na kula mkaa wa kama shilingi 2,000. Gramu 10 za protini zinakuwa zimefika 260, na hapo dagaa tayari amekuwa rahisi kuliko maharage. Ukiyaloweka usiku kucha, muda unashuka hadi saa moja na nusu, mkaa unakuwa kama 1,200, na gharama inarudi 210. Kwenye sufuria ya presha ya umeme maharage yaliyolowekwa huiva kwa nusu saa hivi baada ya presha kupanda, na umeme unaotumika hauzidi uniti moja. Gharama inaangukia karibu 150. Kwa mwenye sufuria hiyo, mjadala wa kipi ni rahisi unaishia hapo.

Namna ya kuloweka ina maana kuliko watu wanavyodhani. Chagua mawe na punje zilizooza, osha, kisha mimina maji mara tatu ya ujazo wa maharage na uache saa 8 hadi 12. Kwenye joto la Dar usipitishe saa 12, kwa sababu maji yataanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Mwaga maji hayo, suuza, weka mapya. Maji ya kulowekea yana sehemu ya sukari zinazojaza gesi tumboni, kwa hiyo anayelalamika kwamba maharage yanamvimbisha mara nyingi amepikiwa na maji yale yale.

Kisha yachemshe kwa nguvu, maji yakitokota kweli kweli, angalau nusu saa kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko tu. Moto wa chini wa tangu mwanzo, ambao maji hayatokoti, hauivunji, na mtu aliyekula maharage yaliyoiva nusu hutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Ukibonyeza punje kati ya kidole gumba na cha shahada na katikati pakabaki weupe wa chaki, bado.

Kuna maharage yasiyoiva hata kwa saa nne, na lawama huangukia mkaa au sufuria. Sababu huwa tatu. Ya kwanza ni umri: maharage yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu kwa miezi mingi hujifunga ndani na maji hayaingii. Ganda lake huwa limefifia, limekuwa jeusi kidogo au lina makunyanzi, tofauti na punje za msimu mpya zinazong'aa. Ya pili ni maji ya chumvi au ya kisima yenye chokaa nyingi. Ya tatu ni haraka ya mpishi: nyanya, ndimu au ukwaju vikitangulia kabla punje hazijalainika, tindikali yake hukaza ganda. Viungo vyenye uchachu viingie punje zikishaiva. Wengine hutupia magadi, na kweli maharage hulainika haraka, ila vitamini B1 huharibika na mchuzi hupata ladha ya sabuni. Kama huna budi, iwe ncha ya kijiko cha chai kwa sufuria nzima.

Ukiweza kuchagua aina, maharage ya njano kwa kawaida huiva mapema kuliko mekundu makubwa. Hata yakizidi bei kwa mia mbili au tatu kwa kilo, tofauti hiyo hurudi kwenye mkaa.

Choroko, kwa asiye na muda wala mkaa

Choroko (Wakenya wanaziita ndengu) zimekaa juu kabisa ya jedwali na bado familia nyingi huzipika mara moja kwa mwezi. Protini yake ni gramu 24 kwa kila 100, juu kidogo ya maharage. Huiva kwa dakika 40 hadi 60 bila kulowekwa, na tumbo huzipokea vizuri zaidi. Nusu kilo huhitaji mkaa wa shilingi 600 tu. Kasoro yake ni moja: wadudu. Choroko hutobolewa na fukusi upesi mno, na punje yenye tundu imeliwa kiini chake. Mwaga kiganja kimoja kwenye maji. Zikielea nyingi, rudisha mfuko. Nunua za wiki mbili tu, si za miezi mitatu.

Dagaa: bei ya kilo inatisha, bei ya protini haitishi

Dagaa wa Ziwa Victoria waliokauka vizuri wana protini kama gramu 58 katika kila 100. Hakuna kitu kingine kwenye orodha hii kinachokaribia. Tumeshakata asilimia 15 ya uzito kwa vichwa, mchanga na vumbi la kilo ya kawaida, na bado wanasimama jirani na maharage. Wana pia kalisi, kwa sababu huliwa na mifupa yake. Dagaa wa Kigoma ni wasafi na watamu zaidi lakini bei yao hupanda mno. Kwa hesabu ya protini hawakupi ziada inayolingana na pesa hiyo.

Shida ya dagaa ni ununuzi. Sehemu kubwa ya dagaa wa Mwanza huishia kwenye vyakula vya kuku, na wale wa daraja hilo huanikwa chini mchangani, hukanyagwa, hukaa kwenye magunia yenye unyevu. Sokoni huuzwa karibu na wa kuliwa na bei yao huvutia. Wa kuliwa ni yule aliyeanikwa kwenye kichanja au wavu. Mtazame: anang'aa rangi ya fedha, akikunjwa anakatika kwa mlio. Dagaa anayepinda bila kukatika bado ana maji, kwa hiyo unalipia maji kwa bei ya dagaa, na ataota ukungu ndani ya siku chache. Rangi ya kahawia au manjano na harufu kali ya mafuta ya zamani inamaanisha mafuta yake yameharibika. Uchungu huo hauondoki kwa ndimu wala kwa kitunguu. Mwisho, nunua kwa mizani. Sado ya dagaa inaweza kujaa hewa, na sado mbili za muuzaji mmoja zikapishana uzito vibaya.

Mchanga hutoka kwa utaratibu huu. Wakiwa wakavu, nyofoa vichwa pamoja na kile kitumbo cheusi kinacholeta uchungu. Wakaange kwenye kikaango kikavu dakika tatu au nne hadi wawe wakakamavu, kisha wasugue taratibu ndani ya chekecheo, na mchanga mwingi utaanguka hapo. Ndipo uwaoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, na kila mara watoe dagaa kwa mkono uyaache maji. Anayemwaga maji huku dagaa wakiwa wamebaki chini huwarudishia mchanga ule ule. Usiwaloweke nusu saa nzima. Watalegea, watavunjika sufuriani na kuacha sehemu ya utamu wao kwenye maji ya kumwaga.

Wale vipande vilivyovunjika wakati wa kuchambua usivitupe. Vikaange vikauke, visage au uvitwange, uchekeche, uhifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, gramu 10 hivi, kina karibu gramu 6 za protini, sawa na yai zima. Kijiko hicho kimekugharimu shilingi 120 na yai ni 300. Kwenye uji wa mtoto kianze kidogo, robo kijiko, hadi ulimi uzoee. Kwenye mchicha au kisamvu hakuna atakayekilalamikia.

Mayai: unalipia wepesi

Kwa shilingi tupu mayai yanashindwa na kila kitu hapo juu isipokuwa samaki mbichi. Kuyafuta kabisa kwenye ratiba kungekuwa kosa, kwa sababu kuna vitu viwili yanavyofanya vizuri kuliko vyote. Protini yake humeng'enywa karibu yote na haina upungufu wowote, kwa hiyo yai moja kwa mtoto mdogo mwenye tumbo dogo ni bora kuliko bakuli la maharage asilolimaliza. La pili, yai la kuchemsha ni dakika 10 asubuhi, wakati ambapo hakuna anayepika maharage, na asubuhi ndio mlo ambao kwa wengi hauna protini yoyote zaidi ya ile ya uji mtupu.

Kwa hiyo yai lisiwe kitoweo cha ugali wa usiku. Mayai manne ya kukaanga kwa familia ni shilingi 1,200 kwa gramu 24 za protini. Kwa pesa hiyo hiyo dagaa wangekupa karibu gramu 59.

Nunua nusu trei, si moja moja dukani ambako bei huongezeka kwa shilingi 50 hadi 100 kila yai. Usiyaoshe kabla ya kuyahifadhi, kwa sababu ganda lina utando unaozuia vijidudu kuingia. Yakae sehemu ya kivuli yenye hewa, yaliwe ndani ya wiki mbili. La mashaka litie kwenye maji. Likilala chini ni jipya, likisimama ni la kuliwa leo likiwa limeiva kabisa, likielea tupa. Mayai ya kienyeji yana kiini chenye rangi nzuri, na sokoni hulipiwa zaidi, lakini protini yake haizidi ya kisasa. Mara nyingi hata ni madogo.

Nafaka: mchangiaji asiyehesabiwa

Watu huuliza protini iko kwenye mboga gani na kusahau sahani ya ugali. Unga wa dona una gramu 8.5 hivi za protini katika kila 100. Mtu mzima anayekula gramu 300 za unga kwa siku ameshapata gramu 25, karibu nusu ya mahitaji yake, kabla ya kugusa kitoweo. Tatizo ni kwamba protini ya mahindi imepungukiwa na kijenzi kimoja kinachoitwa laisini, na mwili hauwezi kuitumia yote bila hicho. Maharage, choroko na dagaa vina laisini kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wao, ambao nafaka huufidia. Si lazima viwe kwenye sahani moja kwa wakati mmoja, ila viwe ndani ya siku moja. Ndiyo maana ugali kwa mlenda mtupu siku nzima ni mlo dhaifu, hata kama tumbo limejaa.

Kati ya dona na sembe chagua dona, na si kwa ajili ya nyuzinyuzi tu. Kiini cha mahindi, kinachotolewa sembe inapokobolewa, kina protini bora kuliko sehemu nyeupe. Gharama ya faida hiyo ni kwamba kiini kina mafuta, na dona ikikaa kwenye joto hupata uchungu. Nunua ya wiki mbili, iwe imesagwa karibuni, na ufunge mfuko. Ikiwa unasagisha mwenyewe, chambua punje zenye ukungu wa kijani, manjano au kijivu, zilizosinyaa au kuvunjika, kabla ya kwenda mashineni. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo.

Mchele una protini kidogo na bei kubwa. Uwe wa milo mitatu au minne kwa wiki, zaidi kwa sababu wali na maharage huenda pamoja na watoto wanaupenda. Mtama una protini nzuri, kama gramu 10, lakini ukisongwa ugali sehemu ya protini hiyo hujifunga na tumbo hushindwa kuivunja. Uchachushe unga wake usiku mmoja uwe uji, na hasara hiyo hupungua.

Wiki yenyewe

Manunuzi ya Jumamosi ni haya: dona kilo 7 kwa 10,500, mchele kilo 2 na nusu kwa 6,250, unga wa ulezi nusu kilo kwa 1,500, maharage kilo moja na nusu kwa 4,500, choroko nusu kilo kwa 1,500, dagaa nusu kilo kwa 5,000, na mayai 15 kwa 4,500. Jumla ni shilingi 33,750. Mafuta, vitunguu, nyanya, chumvi, mboga za majani na mkaa viko nje ya hesabu hii.

Ndani ya kapu hilo kuna karibu gramu 1,590 za protini: nafaka 805, maharage 330, dagaa 245, choroko 120, mayai 90. Ni gramu 57 kwa kila mtu kwa siku, mkubwa kwa mdogo. Hata ukikata sehemu moja katika tano kwa ajili ya mmeng'enyo, bado uko juu ya kile kilo moja cha mahitaji.

Jumamosi usiku loweka gramu 750 za maharage, na wakati huo huo chambua dagaa wote. Utabaki na gramu 425 hivi. Tenga mafungu matatu ya gramu 120, na hizo 65 zinazobaki zisage.

Jumapili ni ya maharage, mchana na wali, usiku na ugali na mchicha. Jumatatu asubuhi uji wa ulezi na yai moja kila mtu, kisha fungu la kwanza la dagaa kwa milo miwili ya ugali. Jumanne uji unatiwa unga wa dagaa, halafu robo kilo ya choroko. Jumatano ni maharage tena yaliyolowekwa Jumanne usiku, Alhamisi mayai manne na fungu la pili la dagaa. Ijumaa robo kilo ya choroko iliyobaki, na asubuhi unga wa dagaa uliosalia. Jumamosi mchana mayai saba ya mwisho yanapikwa rojo la nyanya na kuliwa na wali, usiku fungu la tatu la dagaa.

Siku nyepesi kuliko zote ni Jumanne na Ijumaa, zenye gramu 194 kwa familia nzima, na mahitaji ni 145. Jumapili na Jumatano zina 280. Mwenye friji ahamishe bakuli moja la maharage ya Jumapili kwenda Jumanne. Asiye na friji asijaribu.

Hilo la friji linahitaji maelezo kidogo. Maharage yaliyopikwa mchana yakibaki sufuriani kwenye joto la Dar hadi kesho yake hayawi salama kwa kuchemshwa tena tu, kwa sababu vijidudu vinakufa lakini baadhi ya sumu vilizotoa haiharibiwi na moto. Wali kiporo una hatari hiyo hiyo. Bila friji, pika kiasi cha milo miwili ya siku moja. Maharage ya usiku yaache yakiwa yamechemka, yamefunikwa, bila kijiko kuingizwa ndani, uyachemshe tena vizuri kabla ya kula. Tui la nazi liingie kwenye sehemu inayoliwa wakati huo tu, kwa kuwa ndilo linalochacha kwanza.

Kosa linaloivunja hesabu hii mara nyingi liko kwenye kugawa. Upawa wa maharage uliojaa mchuzi unaweza kuwa na punje za vijiko vitatu. Kikombe cha robo lita kilichojaa punje, mchuzi ukiwa umechujwa, kina kama gramu 15 za protini, na hicho ndicho kiasi cha mtu mzima kwa mlo. Mtoto wa miaka 6 nusu yake. Kama sufuria haitoshi vikombe hivyo, punguza maji kwenye upishi, usipunguze punje.

Bei zikibadilika

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti. Siku za mwezi mpevu mzigo hupungua na bei husogea juu, kwa hiyo nunua kabla. Wakati wa masika wasiwasi ni mwingine: jua la kuwakausha halitoshi, na dagaa wanaopinda huwa wengi sokoni. Kipindi hicho badili fungu moja la dagaa kwa robo kilo ya choroko. Utashuka kama gramu 10 za protini kwa siku hiyo na bado utakuwa juu ya mahitaji.

Ila usikimbilie mayai kwa sababu tu dagaa wamepanda. Kwa bei za mfano huu, kilo ya dagaa ingepaswa kufika karibu shilingi 24,500 ndipo yai la 300 liwe sawa nayo. Na ili yai liwe rahisi kama dagaa wa elfu kumi, lingepaswa kuuzwa kwa shilingi 120.